Kutoka "poa" ya WhatsApp hadi uthibitisho rasmi, pale meneja wako hasomi Kiswahili

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekaa katikati. Upande mmoja kuna fundi, msambazaji au mwenzako wa idara nyingine ambaye mmeelewana naye kwa jumbe chache za Kiswahili. Upande wa pili kuna meneja anayetakiwa kuidhinisha, naye anasoma lugha nyingine. Mimi huratibu matengenezo ya mitambo ya ghala, na jambo hili hunipata karibu kila wiki. Nitatumia mfano mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, maana ugumu wenyewe uko kwenye vitu vidogo vidogo.

Mazungumzo ni haya, ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025. Kazi ni kubadilisha kifaa kwenye chumba cha baridi, na ilikuwa imepangwa Alhamisi.

Fundi: Mkuu habari. Alhamisi haitawezekana, kifaa kinafika Alhamisi jioni
Mimi: Sawa, lini sasa?
Fundi: Ijumaa usiku saa 4 tunaanza. Masaa matatu hivi tumemaliza
Mimi: Na mzigo?
Fundi: Utolewe kabla. Na ule mpira wa mlango tutauangalia
Mimi: Sawa. Hela ya kazi ya usiku je?
Fundi: Hiyo tutaongea, haina shida
Mimi: Poa 👍

Sisi wawili tumeelewana kabisa. Lakini ukiyachukua maneno haya ukayatia kwenye lugha ya meneja kama yalivyo, utampelekea karatasi yenye makosa manne au matano, na hakuna hata moja atakaloweza kuligundua.

Hatua ya 1: Hifadhi mazungumzo kabla hayajabadilika

Hii ni kazi ya dakika mbili. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tangu utumwe, unaweza kufutwa kwa wote, na kama mmewasha jumbe zinazotoweka utaondoka wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kwenye simu ya Android yenye menyu ya Kiingereza, fungua mazungumzo, gusa nukta tatu za juu, kisha `More`, kisha `Export chat`, kisha `Without media`. Utapata faili la maandishi lenye tarehe na saa ya kila ujumbe.

Usimtumie mtu faili hilo zima. Lina mambo yote mliyowahi kuandikiana, pamoja na habari za familia na za wagonjwa. Toa mistari inayohusika tu, na faili zima ubaki nalo. Ukitumia picha ya skrini, kwanza pandisha mazungumzo mpaka kile kitambulisho cha tarehe kionekane, kwa sababu pembeni ya ujumbe huandikwa saa peke yake.

Hatua ya 2: Tenga lililokubaliwa na lililosemwa

Hapa ndipo kazi ilipo. Kabla ya kuandika chochote rasmi, pitia mazungumzo mstari kwa mstari na kila jambo ulitie kwenye fungu moja kati ya matatu: limekubaliwa, limesemwa tu, au halijakubaliwa.

Lililokubaliwa ni lile ambalo mmoja alilisema wazi na mwingine akalijibu lenyewe. Kwetu ni mawili: Alhamisi imefutwa, na kazi inaanza Ijumaa usiku saa nne.

Lililosemwa tu ni makadirio au nia. "Masaa matatu hivi" ni makadirio, na neno linaloonyesha hivyo ni "hivi". Ni neno dogo, na mfasiri mwenye haraka huliangusha. Likianguka, meneja anasoma kwamba fundi ameahidi saa tatu kamili, na siku kazi ikichukua saa tano atauliza kwa nini mkataba umevunjwa. "Tutauangalia" nayo ni mtego. Kwa fundi inaweza kuwa kuukagua kwa macho, inaweza kuwa kuushughulikia, na inaweza kuwa namna ya heshima ya kusema "tusubiri tuone". Lugha nyingi zina kitenzi tofauti kwa kila moja ya maana hizo, kwa hiyo mfasiri atalazimika kuchagua moja, na atachagua bila kukuuliza.

Halijakubaliwa ni lile lililoguswa likaachwa. Hela ya usiku iko hapa. Angalia jibu lilivyokaa: "Hiyo tutaongea, haina shida." Kwa Kiswahili sote tunasikia kwamba ipo hela na itajadiliwa. Lakini "haina shida" ikifasiriwa peke yake humwambia meneja kwamba hakuna nyongeza yoyote. Nimewaona watu wazuri wakilumbana kwa ankara iliyotokana na maneno mawili kama hayo.

Kuna na fungu ambalo halimo kwenye mazungumzo kabisa, yaani yale mliyosahau kuulizana. "Utolewe kabla" inasema mzigo utolewe, lakini na nani? Kabla ya saa ngapi? Kiswahili kinaturuhusu kutaja tendo bila kumtaja mtenda, na kwenye soga hilo halimsumbui mtu. Kwenye uthibitisho halifai.

Kuhusu dole gumba na "poa": usizichukulie kuwa saini, wala usizichukulie kuwa si kitu. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu kwa dole gumba baada ya kutumiwa picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani alikuwa ameukubali mkataba huo. Mwenyewe alijitetea kwamba alimaanisha tu ameupata. Akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Ubishi mkubwa ulikuwa kati ya "nimeupata" na "nimeukubali", na ndio ubishi unaojificha ndani ya "poa" yangu hapo juu. Nilikuwa nakubali nini hasa? Mpira wa mlango? Hela? Ratiba?

Ukishamaliza kutenga, rudi kwa mwenzako palepale kwenye soga umwulize yaliyobaki. Usijaze mwenyewe. Mimi niliandika hivi: "Fundi, naandika uthibitisho kwa meneja, naomba mambo matatu. Mzigo anatoa nani na mwisho saa ngapi? Mpira ni kukagua tu au na kubadilisha? Hela ya usiku nitaipata lini kwa maandishi?" Akajibu kwamba mzigo tutautoa sisi wa ghala, uwe umetoka saa tatu usiku, mpira ataukagua tu na ukihitaji kubadilishwa ataleta bei, hela ya usiku ataiandika kesho saa sita mchana. Sasa nina kitu cha kuandika.

Hatua ya 3: Geuza saa na siku kabla ya kufasiri

Usimwachie mfasiri kazi hii. Ifanye wewe uliyekuwepo.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko na machweo, kwa hiyo inapishana kwa saa sita na ile inayoandikwa kwenye karatasi za ofisi. Saa nne usiku ni 22:00. Ubaya ni kwamba "saa nne usiku" ikifasiriwa neno kwa neno haitoi upuuzi ambao mtu angeushtukia. Inatoa saa 04:00, saa halali kabisa ya usiku. Mwaka mmoja niliandika hivyo mwenyewe. Mlinzi akapewa amri ya kufungua geti Ijumaa 04:00, wafanyakazi wakaamshwa alfajiri, na mafundi wakafika 22:00 ya siku hiyohiyo, saa 18 baadaye, wakakuta mzigo umerudishwa ndani.

Mtego wa pili ni "Ijumaa usiku". Kwa hesabu ya zamani, siku huanza jua linapozama, hivyo kuna wazee na hata vijana ambao "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao ofisi huuita Alhamisi usiku. Lugha yetu ina dawa yake: "usiku wa kuamkia". Andika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", kisha weka tarehe zote mbili, maana kazi ya saa tatu inayoanza 22:00 inamalizika 01:00 ya siku nyingine.

Tarehe nayo iandike kwa jina la mwezi: 14 Machi 2025. Ukiandika 03/04/2025 kuna nchi zitakazosoma tarehe 3 Aprili na nchi zitakazosoma tarehe 4 Machi. Ukitaka tarakimu tupu, tumia mpangilio wa kiwango cha ISO 8601, mwaka ukitangulia: 2025-03-14. Na kila mara weka jina la siku pembeni ya tarehe. Likipishana na tarehe, msomaji atajua kuna kosa mahali. Tarehe peke yake haina wa kuikosoa.

"Kesho", "wiki ijayo", "mwisho wa mwezi" na "kesho kutwa" zote zigeuze kuwa tarehe. "Mpaka Ijumaa" iandike "hadi Ijumaa 14 Machi 2025, 17:00, siku hiyo ikiwemo".

Hatua ya 4: Wape watenda majina

Kiambishi "tu-" hakisemi kama mzungumzaji anamhesabu na anayezungumza naye. Fundi akisema "tutatoa mzigo", huenda ni watu wake, huenda ni wa kwangu, huenda ni wote. "Yeye" nayo haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na lugha nyingi zitamlazimisha mfasiri achague. Dawa ni moja: kwenye uthibitisho usitumie "sisi" wala "yeye". Tumia "Kampuni ya ufundi" na "Ghala", au majina kamili na vyeo, na uyarudie hata kama sentensi inakuwa nzito. Kwenye karatasi hii uzito si dosari.

Hatua ya 5: Andika kwa Kiswahili kwanza, na aliyekubali asome kwanza

Wengi huruka hapa. Hutoka kwenye soga moja kwa moja hadi kwenye lugha ya meneja, na hivyo yule aliyekubali hajawahi kusoma alichoandikiwa kwamba amekubali. Andika Kiswahili sanifu, sentensi fupi, kila jambo na namba yake. Yangu ilikuwa hivi:

Yah: Uthibitisho wa mabadiliko ya ratiba, matengenezo ya chumba cha baridi

Uthibitisho huu unatokana na mazungumzo ya WhatsApp ya Jumanne 11 Machi 2025. Utaanza kutumika baada ya idhini ya maandishi ya meneja wa Ghala, inayotarajiwa kabla ya Alhamisi 13 Machi 2025, 16:00.

Yaliyokubaliwa:
1. Kazi iliyopangwa Alhamisi 13 Machi 2025 imefutwa kwa sababu kifaa kitafika jioni ya siku hiyo.
2. Kampuni ya ufundi itaanza kazi Ijumaa 14 Machi 2025, 22:00 (saa nne usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi).
3. Ghala litatoa mzigo wote chumbani kabla ya 21:00 (saa tatu usiku) ya siku hiyo.
4. Kampuni ya ufundi itakagua mpira wa mlango. Kuubadilisha si sehemu ya kazi hii.

Makadirio:
5. Kampuni ya ufundi inakadiria kazi itachukua takriban saa tatu. Hii si ahadi ya muda wa kumaliza.

Ambayo hayajakubaliwa:
6. Malipo ya kazi ya usiku. Kampuni ya ufundi itayapendekeza kwa maandishi kabla ya Jumatano 12 Machi 2025, 12:00 (saa sita mchana).

Zingatia sentensi ya idhini pale juu. Bila hiyo, barua yako yenyewe inaweza kuchukuliwa kuwa imeshaifunga ofisi kabla meneja hajaisoma. Zingatia pia kwamba nimeandika saa kwa namna zote mbili kwenye nakala ya Kiswahili. Fundi ataangalia "saa nne usiku", nami nitaangalia 22:00. Kama nimekosea kugeuza, yeye ndiye atakayeniona.

Ukishaituma, omba jibu la maneno na la namba: "Naomba ujibu: Nathibitisha namba 1 hadi 6, au uandike namba unayotaka irekebishwe." Asipojibu, usiandike kwamba amekubali. Mpigie simu, kisha mwombe atume ujumbe huo. Kama anayejibu ni fundi wa kawaida na si mwenye kampuni, mwulize ni nani anayeruhusiwa kuithibitishia kampuni, na jibu lipatikane kwa huyo.

Hatua ya 6: Ifasiri bila kuipamba

Tafsiri ifuate namba zilezile. Namba 3 ya Kiswahili iwe namba 3 ya lugha ya meneja, isiunganishwe na nyingine wala kugawanywa. Hapo meneja akiwa na swali atasema "namba 3", nawe utajua aya ya kumwonyesha fundi bila kufasiri swali zima.

Chagua vitenzi vitatu vya lugha hiyo na ushikamane navyo: kimoja cha "itafanya", kimoja cha "inakadiria", kimoja cha "haijakubali". Usivibadilishe ili maandishi yapendeze. Msomaji akikuta kitenzi kipya atadhani kuna maana mpya. Ile saa ya Kiswahili iliyo kwenye mabano iondoe kwenye tafsiri, kwa sababu huko itamchanganya tu.

Majina ya vitu yanahitaji macho. "Kifaa" na "mpira" vinatosha kwa fundi anayejua anachokizungumzia, lakini kwa meneja vinaweza kuwa chochote. Andika kifaa gani, na namba yake kama ilivyo kwenye kibati au kwenye hati ya oda. Mpira ni ule wa kuzuia hewa pembezoni mwa mlango. Picha moja ya simu yenye mshale huokoa maneno mengi.

Ukimaliza, mpe mtu mwingine anayesoma lugha zote mbili aisome tafsiri peke yake, bila kuona Kiswahili, akuambie kwa mdomo: nani anafanya nini, siku gani, saa ngapi, na nini bado. Ukimwonyesha nakala zote mbili pamoja atasoma kile anachokijua tayari. Mimi humfanyia mwenzangu hivyo naye hunifanyia, na mara nyingi kinachonaswa ni kile kile cha "takriban".

Mwishoni ongeza mistari miwili: kwamba hii ni tafsiri ya uthibitisho ulioandikwa kwa Kiswahili na kuthibitishwa na Kampuni ya ufundi tarehe fulani, na kwamba nakala hizo zikipishana, ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa. Sababu ni ya haki: fundi hakuwahi kuikubali hiyo lugha nyingine. Meneja akitaka kinyume chake, basi fundi apewe nafasi ya kutafuta mtu wake wa kumsomea. Na kama jambo lenyewe ni mkataba mpya, adhabu ya fedha au kuachishwa mtu kazi, acha kutumia mwongozo huu. Hilo linataka mwanasheria na mfasiri aliyesajiliwa.

Hatua ya 7: Mpelekee meneja uamuzi, si hadithi

Barua pepe ianze na kile unachotaka kwake: aidhinishe kuhamishwa kwa kazi kutoka Alhamisi 13 Machi hadi Ijumaa 14 Machi 22:00, na ajibu kabla ya Alhamisi 16:00. Sentensi ya pili imwambie lile ambalo halijakubaliwa, yaani malipo ya usiku, ili asiidhinishe akidhani hakuna gharama. Kisha viambatanishe: tafsiri, nakala ya Kiswahili, jibu la fundi la "nathibitisha", na ile mistari michache ya mazungumzo. Hataisoma mistari hiyo, lakini ipo siku atakuwepo mtu wa kuisoma.

Nilipotuma, meneja alijibu kwa swali moja: je, namba 6 ikizidi kiwango chake cha kuidhinisha, bado kuna muda wa kusitisha? Lilikuwa swali zuri, na lilitoka kwa sababu namba 6 ilikuwepo. Bei ya fundi iliingia Jumatano saa tano na nusu mchana, yaani 11:30. Sikuiongeza kwenye barua ile ya kwanza. Niliandika toleo la pili lenye tarehe mpya, namba 6 ikiwa imehamia kwenye yaliyokubaliwa endapo meneja ataidhinisha, na juu kabisa nikaandika kwamba linachukua nafasi ya toleo la tarehe 11 Machi. Fundi akalithibitisha kwa Kiswahili, meneja akaliidhinisha kwa lugha yake, na Ijumaa saa tatu usiku kasorobo chumba kilikuwa kitupu.